PDF za masomo kwenye simu na kompyuta: nitumie nini ili ukurasa na mistari ya rangi vinifuate?

Msomi_wa_Usiku
Wakuu habari zenu. Mitihani inakaribia. Kwenye daladala nasoma kwa simu na kupiga mistari ya rangi, nikifika nyumbani kompyuta haijui lolote, naanza kutafuta ukurasa upya. Nimesikia Kindle, Zotero na Moon+ Reader. Leo usiku nataka kuhamishia kila kitu sehemu moja. Ipi?

Ndege_Tai
Simu ya aina gani? Mafaili mangapi? PDF au EPUB? Usipotaja, kila mtu atakutajia anachotumia yeye.

Chuma_cha_Pua
Moon+ Reader, mjadala umefungwa. Nimeiunganisha na Dropbox kwenye simu na tableti. Nikifunga huku, kule inafunguka palepale, na rangi zote zipo.

Ndege_Tai
Kaka, hiyo ni ya Android. Kompyuta ataifanyaje? Halafu inatambua kitabu kwa jina la faili. Badilisha jina kwenye kifaa kimoja uone kama kule kwingine itakumbuka ulipofika.

Msomi_wa_Usiku
Samahani wakuu. Simu Android, kompyuta Windows. PDF kama 60, EPUB chache. Zote ziko Google Drive, kwenye simu nazifungulia huko huko.

Karani_Mkongwe
Ndiyo maana. Mdogo wangu, kwanza ujue mistari yako inakaa wapi. Acrobat na Xodo huiandika ndani ya PDF yenyewe, kwa hiyo faili likienda popote linaenda na rangi zake, ila ukurasa uliofikia haumo. Zotero huiweka kwenye hifadhidata yake na kuipeleka kwenye vifaa vyako pamoja na ukurasa wa mwisho. Ukilichukua faili lenyewe kutoka kwenye folda yake, utalikuta jeupe; sharti utoe nakala yenye mistari kupitia programu.

Kwa PDF 60 za masomo ningechukua Zotero. Ipo Windows, ipo Android, na kwenye kompyuta, tangu toleo la 7 la mwaka 2024, inasoma hata EPUB. Lakini PDF uziingize ndani yake kabisa. Ukiunganisha tu faili lililoko nje, simu haitaliona.

Pilipili_Kichaa
Habari ya Drive ilinitoa machozi. Nilikuwa naandika utafiti, nikigusa PDF kwenye Drive simu inaniuliza nifungue kwa programu gani, nachagua, napiga rangi, naandika maoni pembeni. Kumbe ile programu ilikuwa inatengeneza nakala yake kwenye simu na kuandikia humo. Faili la Drive halikuguswa hata siku moja. Simu ikaibiwa kituoni, kazi ya muhula mzima ikaondoka nayo. Msomi, fanya jaribio sasa hivi: piga mstari mmoja, funga, halafu tazama kwenye Drive faili limebadilishwa saa ngapi. Kama saa ni ya zamani, mistari yako iko kwenye nakala.

Msomi_wa_Usiku
Dada, nimetazama. Inaonyesha mwezi uliopita 😭

Bibi_Harusi88
Mimi natumia Kindle, natuma kitabu kwa barua pepe na kinakumbuka kila kitu.

Karani_Mkongwe
Ni kweli kwa kilichopita kwenye Send to Kindle. Ukikiweka kwa waya hakioani na simu. Na PDF ya A4 kwenye kioo kidogo utaisukuma kushoto kulia mpaka uchoke.

Msomi_wa_Usiku
Zotero ni bure? Mafaili yangu ni kama MB 900, mengi vitini vilivyoskaniwa.

Karani_Mkongwe
Nafasi ya bure ni MB 300, na ni mafaili tu yanayohesabiwa, mistari haihesabiwi. Ukizidi, lipia au unganisha hifadhi nyingine kwa WebDAV. Shida kubwa ni hizo skani. Ukurasa ni picha, hakuna maneno ya kushika. Kwenye Zotero utabaki na kuchora kisanduku, kuchora kwa mkono au kuweka maoni, maneno hutayapaka rangi. Tengeneza maandishi kwanza kwa programu ya ocrmypdf:

```
ocrmypdf -l eng+swa kitini.pdf kitini-ocr.pdf
```

Ifanye kabla hujapiga rangi. Ukiingiza faili jipya baadaye, mistari ya lile la zamani haitahamia humo.

Chuma_cha_Pua
Yote hayo kwa ajili ya kitini? Chapisha, nunua kalamu ya rangi. Karatasi haiombi bando.

Pilipili_Kichaa
Kurasa za MB 900 umepiga hesabu ya kuchapisha, au unaongea tu?

Ndege_Tai
Bando lenyewe: faili zito lifungue kwenye simu mara moja ukiwa na waifai, baada ya hapo inayosafiri ni mistari tu.

Msomi_wa_Usiku
Hiyo amri naiandika wapi? Windows yangu inasema haiijui. Na kuna mwenye kitini cha takwimu ambacho hakijaskaniwa upande?