Naomba ushauri: vocha ninayomtumia mama kutoka Uingereza inafika pungufu, safari hii haikufika kabisa

BintiPangani
Habari zenu wapendwa. Mimi niko Reading, mama yuko Pangani. Kila baada ya wiki mbili namtumia vocha ajiunge bando, tuonane kwa video WhatsApp. Jumapili nimelipa pauni 5 na ada ya senti 50. Programu ikaandika atapata shilingi 13,900. Siku hiyo pauni ilikuwa kama 3,300, kwa hiyo hizo 5.50 ni zaidi ya 18,000. Elfu nne na ushee zimekwenda wapi? Halafu naandikiwa "imefanikiwa", mama anasema hajaona kitu. Laini yake inaanza na 0754. Nihamie programu gani?

Kaka_Mwananyamala
Pole dada. 0754 ni Vodacom, hiyo haina mjadala. Itakuwa mtandao ulikuwa chini, mwambie azime simu aiwashe.

FundiSimu_Tanga
Kaka, zamani ilikuwa hivyo. Tangu 2017 Tanzania mtu anahama mtandao na namba yake ileile. Programu nyingi hukisia mtandao kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. BintiPangani, mwombe mama akusomee jina la mtandao linaloonekana juu ya kioo cha simu. Ukituma tena, lichague mwenyewe, usikubali lile ambalo programu imekujazia. Na ukiona pengine wameandika Tigo, pengine Yas, ni haohao, walibadili jina 2024.

Otis_Kisumu
Kwetu Kenya nilimtumia shangazi kredo ya 500 akaniambia amepata kidogo tu. Kumbe alikuwa amekopa Okoa Jahazi, deni likakatwa kwanza. Muulize mama kama amekopa.

BintiPangani
Nimempigia. Hajakopa. Ila amesoma "Airtel"! Anasema kaka yangu alimhamishia laini mwezi uliopita kwa sababu kule shambani inashika vizuri. Hakuna aliyeniambia.

MamaJunior_Leicester
Basi hapo umepata jibu la swali la pili. Waandikie huduma kwa wateja wa hiyo programu leo, uwape namba ya muamala na picha ya risiti, na useme wazi kwamba namba imehama mtandao. Usitume tena kabla hawajajibu. Vocha ikishaingia kwenye laini huwa hairudi.

Kuhusu hizo elfu nne, ada uliyoiona ni senti 50, lakini mkato mkubwa umo ndani ya kiwango cha kubadilishia. Mimi silinganishi ada peke yake. Naweka namba moja kwenye Ding, Rebtel na WorldRemit, nafika ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, naandika jumla nitakayokatwa na shilingi zitakazofika, kisha nagawanya. Wewe 13,900 ukigawa kwa 5.50 unapata 2,527 kwa kila pauni. Mshindi hubadilika, ndiyo maana narudia kila mara.

Na kwa nini vocha? Wiki iliyopita nilimtumia baba pesa kwenye simu kwa programu ya kutuma pesa, pauni 15 bila ada, zikaingia 48,300. Hiyo ni 3,220 kwa pauni. Bando akalinunua kutoka humohumo bila kwenda kwa wakala, kwa hiyo ada ya kutoa haikumgusa. Mama yako atatumia Airtel Money, *150*60#. Hakikisha tu jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni lake.

Kaka_Mwananyamala
Nimejifunza, asante fundi. Ila kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp anauza vocha nusu bei, tena haraka. Vipi huyo?

FundiSimu_Tanga
Kaa naye mbali. Vocha ya nusu bei mara nyingi imenunuliwa kwa kadi ya wizi. Na ukimpa yeye kadi yako, akakuomba na zile tarakimu ulizotumiwa na benki, umemkabidhi akaunti. Tena dada, ukipata ujumbe "mwanangu nimebadili namba, nirushie vocha hapa", piga ile namba ya zamani usikie sauti. Ikiwa ni tapeli, mama aitume namba yake kwenda 15040, ni ya TCRA.

BintiPangani
Asanteni sana. Nimewaandikia, wamesema wanafuatilia, hawajasema kama watarudisha. Pesa nimetuma kwa Airtel Money, jina limetokea la mama. Tatizo ni macho, menyu haioni vizuri. Nimemwomba mpwa wangu akae naye jioni, mama aweke namba ya siri mwenyewe. Kuna njia ya mimi kumnunulia bando moja kwa moja bila kupoteza kwenye kiwango?

MamaJunior_Leicester
Baadhi ya programu za vocha zina mabando, ila chagua kwa mtandao wake na gawanya kwanza. Mimi sijaona linaloshinda pesa ya kwenye simu. Mwenye kuliona atuambie.