Nimeambiwa mimi ni wa akiba, nimwandikie nini dada wa ajira bila kumsumbua?

Wakuu habari za jioni. Niliomba kazi ya uhasibu kampuni moja binafsi hapa Dar, nikapita intavyuu mbili, jana dada wa ajira kanipigia anasema nimekuwa wa pili, wa kwanza ashapewa ofa wanasubiri asaini, asiposaini mimi ndo nafuata. Kazi naitaka kweli. Nimeandika hivi ila sijatuma: "Dada naomba mnijulishe kabla ya Ijumaa maana kuna sehemu nyingine wananihitaji." Hiyo sehemu nyingine haipo, nimeiweka tu ili wasinisahau. Nitume?

Kakakuona: Usitume chochote mkuu. Wakikutaka watakutafuta, ukiandika unaonekana una shida.

mama_wawili: Mdogo wangu mimi baada ya usaili wa Sekretarieti ya Ajira niliwekwa kanzidata, nikakaa hadi nimesahau siku moja naona jina langu kwenye tangazo la kuitwa kazini. Wewe angalia matangazo tu.

Mleta uzi: Asante dada, ila hii ni binafsi, matangazo hayo hawana.

Shangazi wa Ajira: Nimeajiri watu miaka tisa. Hiyo Ijumaa itakuponza mwanangu, maana yeye hawezi kumharakisha yule wa kwanza, atakachokujibu ni "basi chukua hiyo nyingine" na jina lako linatoka. Ila kunyamaza nako hapana, wa kwanza akikataa mimi nampigia yule ninayejua bado anataka na anaweza kuanza lini. Tuma kesho asubuhi:

"Habari dada. Nashukuru kwa kunieleza wazi nilipofikia. Nafasi bado naitaka, hali ikibadilika nipo tayari kuongea. Notisi yangu kazini ni siku 28. Nawatakia kazi njema."

Hakuna swali humo, kwa hiyo hadaiwi jibu. Halafu tulia. Huyo wa kwanza kama analipwa kwa mwezi sheria inamtaka atoe notisi isiyopungua siku 28, na humo katikati ndo bosi wake anamwongezea mshahara anabaki, nimeyaona sana. Kwa hiyo wiki ya tano tuma mistari miwili ya kusalimia na kusema bado upo. Baada ya hapo usirudie, na kazi nyingine endelea kuomba.

Ngosha: Na akipata ofa nyingine ya kweli je?

Shangazi wa Ajira: Hapo aseme, ila barua iwe mkononi, na ataje tarehe anayotakiwa kujibu.

Kakakuona: Mi bado naona "wa pili" ni kukataliwa kistaarabu.

Shangazi wa Ajira: Mara nyingine ni hivyo, sikatai. Mleta uzi, alikuuliza notisi yako au wadhamini?

Mleta uzi: Wadhamini alichukua, mmoja kanambia kapigiwa jumatatu. Notisi hakuuliza.

Shangazi wa Ajira: Basi hiyo ya notisi usiache kuiweka kwenye meseji.