Nguzo ya chini imetoka na matundu, nipige plasta uwiano gani?

Tofali Bichi:
Wakuu habari zenu, naomba ushauri wa haraka maana hata usingizi sipati. Leo tumefungua mbao za nguzo za chini, sasa nguzo moja imetoka na matundu matundu kule chini kabisa, kokoto ziko wazi unaweza kuzihesabu, halafu katikati kuna mstari umeizunguka nguzo nzima. Fundi anasema ni kawaida, anapiga plasta yenye saruji ya kutosha mambo yanaisha. Swali langu ni moja tu, hiyo plasta iwe ngapi kwa ngapi?

Kisu Butu:
Moja kwa tatu mkuu, mchanga uchekeche vizuri, umwagie nguzo maji kwanza. Next swali.

Mama Kokoto:
Kisu Butu kaka, plasta inaficha tundu, haibebi mzigo. Tofali Bichi, kabla ya uwiano niambie mambo mawili. Chukua msumari wa nchi nne uingize kwenye hayo matundu, unazama kiasi gani? Na nondo zinaonekana?

Tofali Bichi:
Msumari unazama kama nusu hivi. Lakini ni upande mmoja na ubavu wake, pande nyingine ziko poa kabisa na nguzo imenyooka, nimepima kwa timazi.

Mama Kokoto:
Nondo?

Tofali Bichi:
Inaonekana moja ya kona na ringi moja. Ila dada naomba mnielewe, slabu inamwagwa Jumamosi, mbao za slabu ziko juu tayari, watu wameshapewa advansi, siwezi kuanza kubomoa nguzo sasa hivi. Ndiyo maana nimeuliza plasta.

Mzee wa Timazi:
Hahaha kumbe hapo ndipo ilipo, posti ya kwanza uliruka hiyo slabu kama hukuiona. Kijana, watu wa siku hizi mnakimbilia gorofa. Zamani nguzo inaachwa inyweshwe maji hadi inywe ishibe ndipo unafikiria cha juu.

Mama Kokoto:
Nguzo ina upana gani?

Tofali Bichi:
Sm 23 kwa 23.

Mama Kokoto:
Basi piga hesabu na mimi. Msumari wa nchi nne ni sm 10, nusu yake sm 5. Ukitoa sm 5 pande mbili zinazopakana, zege zima lililobaki ni sm 18 kwa 18, yaani 324 badala ya 529. Karibu asilimia 39 ya nguzo haipo pale chini, na pale chini ndipo uzito wote unafikia. Na hiyo nondo ya kona haijashikwa na kitu, ikibanwa inapinda kwenda nje. Habari njema ni kwamba slabu haijamwagwa, nguzo imejibeba yenyewe tu. Ukishamwaga, ukarabati huu huu utakudai kwanza uweke mirunda kubeba bimu zote zinazoishia hapo.

Njugu Mawe:
Mimi tatizo naliona kwenye zege kavu. Mngeongeza maji lingekuwa laini likateleza lenyewe hadi chini, matundu yasingekuwepo.

Mama Kokoto:
Nusu ni kweli, zege gumu sana haliingii kati ya nondo. Ila ukilegeza kwa maji, kokoto zinashuka peke yake na uji unapanda juu, unapata matundu chini na zege dhaifu juu. Hapa nashuku mbao. Tofali Bichi, sakafuni kuzunguka nguzo kuna uji wa saruji uliokauka?

Tofali Bichi:
Upo, upande huo huo wenye matundu. Mbao haikukaa vizuri kwenye kika, lile zege fupi la kuanzia nguzo, uji ukapita pale. Na zege lilimwagwa kutoka juu kabisa, kama mita 3, vaibreta haikuwepo walikuwa wanagonga mbao kwa nyundo.

Mzee wa Timazi:
Kugonga mbao kunalainisha uso tu, ndani kokoto zinakusikia lakini hazisogei. Sisi tulikuwa tunaziba ule mwanya, tunatanguliza kidogo saruji na mchanga bila kokoto, halafu zege linafuata kwa tabaka la futi moja futi moja na vaibreta inashushwa haraka inapandishwa taratibu.

Saa Mbovu:
Mimi tanki langu la maji lina mstari kama huo wa nguzo yako, linavuja kwenye mstari tu, nimepaka dawa za kila rangi. Nani anajua dawa nzuri?

Mama Kokoto:
Saa Mbovu fungua uzi wako, tanki ni habari nyingine, maji yanatafuta njia hata ya unywele. Tofali Bichi, huo mstari, mlisimama muda gani?

Tofali Bichi:
Mchana wa kula tu. Si muda mrefu, mashine ilizima ndiyo tukaendelea asubuhi.

Njiwa Pori:
Subiri kwanza. Mchana wa kula au asubuhi yake? Na mwenye nyumba asiyejua plasta ngapi kwa ngapi anajuaje kika? Wakuu huyu ndiye fundi mwenyewe, anatafuta maneno ya kumpelekea bosi. Au stori yote ya kutunga. Picha iko wapi?

Kisu Butu:
Nami naanza kunusa. Picha bwana.

Tofali Bichi:
Kika nimeisikia kwa fundi, kuna ubaya? Picha siweki, watu wa saiti wamo humu. Tulisimama mchana, mashine ikagoma kuwaka, tukamalizia kesho yake asubuhi, umeridhika?

Njiwa Pori:
"Tulisimama". "Tukamalizia". Haya bosi.

Mama Kokoto:
Awe fundi awe nani, nguzo ni ile ile. Lililolala usiku limeshashika, jipya limekaa juu yake tu. Wangesimama kwa kula kweli, ungeshusha vaibreta ikazama kwa uzito wake ndani ya lile la chini, basi yanachanganyika. Isipozama, muda umepita. Ila kwa nguzo inayobanwa kwenda chini mstari wa mlalo haunitishi kama matundu, mradi nondo zimepita. Naogopa kama juu ya lile la jana palibaki ule utando mlaini mweupe. Waliukwangua?

Tofali Bichi:
Walimwagia maji.

Njugu Mawe:
Mimi ningeibomoa kuanzia mstarini kwenda juu.

Mama Kokoto:
Injinia aione, hapo mimi na wewe hatutapatana kwa simu. Chini ndiyo sina shaka. Patasi na nyundo, toa kila kinacholegea mpaka zege lilie kwa sauti kavu, kingo zikatwe mraba, zisiishie nyembamba. Nyuma ya nondo iliyo wazi acha nafasi ya sm 2 na nusu ili grauti, ule uji wa saruji wa kujazia, iizunguke. Ukikuta uozo umepita nusu ya nguzo, acha, hapo inamwagwa upya. Usipopita, osha vumbi, loweka usiku, asubuhi futa maji yaliyotuama. Funga mbao yenye mdomo uliopanda juu ya tundu, mimina grauti isiyosinyaa upande mmoja tu ili hewa itokee mwingine. Maji siku 7. Kwa hiyo Jumamosi haipo.

Tofali Bichi:
Advansi ya watu je? Na kuna nguzo nyingine mbili, hazikuwa mbaya hivi, fundi ameshazipiga plasta leo mchana.

Mama Kokoto:
Mbili! Zigonge kwa nyundo kuanzia chini, sikiliza.

Tofali Bichi:
Moja inalia vizuri. Ya pili inatoa sauti ya debe hadi usawa wa goti.

Mama Kokoto:
Ibandue hiyo plasta leo hii kabla haijakomaa, kisha rudi na msumari.

Kisu Butu:
Na picha.