MREJESHO: Hisa za marehemu baba, tumefika hapa

Niliuliza: "Baba amefariki akiwa na hisa 60 kati ya 100 za kampuni ya familia. Baba mdogo, mkurugenzi aliyebaki, anakataa kutuandika. Tufanyeje?"

Asanteni sana wakuu. Tulifuata ushauri wa kuanza na mahakama. Kaka alipoteuliwa msimamizi wa mirathi, tulimwandikia baba mdogo barua rasmi, tukaambatanisha nakala ya uteuzi, cheti cha kifo na vyeti vya hisa. Alisaini azimio la bodi, majina yetu yakaingia kwenye daftari la wanahisa, na mabadiliko yakapelekwa BRELA.

Kilichokwama ni kura. Mkutano mkuu ulifanyika kabla hatujaandikishwa, na katiba ya kampuni yetu inampa msimamizi gawio tu, hapigi kura mpaka awe mwanahisa. Someni katiba zenu mapema.

Kiti cha baba kwenye bodi nacho hatukukipata, kwa kuwa ukurugenzi haurithiwi kama hisa. Ila kwa hisa 60 tukipiga kura pamoja tunaweza kumchagua mkurugenzi, na mkutano tayari tumeuomba.