Sevis chaji imepanda na wenye nyumba wamewaka: niwaelezeje mchanganuo?

MwekaHazina_Nyali
Salaam jamani. Mimi ni mweka hazina wa jengo letu Nyali, nyumba 24. Sevis chaji inatoka shilingi 8,000 kwa mwezi hadi 10,500. Tangu notisi ibandikwe getini, kundi la WhatsApp halilali. Wengine wanasema kamati inakula.

Bajeti ya jengo zima ilikuwa 192,000 kwa mwezi, sasa ni 252,000. Askari wamepanda kwa 10,000, stima ya pampu, lifti na taa za ngazi 6,000, maji 6,000, huduma ya lifti 4,000, usafi 2,000 na dizeli ya jenereta 2,000. Kilichobaki, 30,000, ni mfuko wa akiba ambao hatukuwa nao: kamba za lifti zimechoka na paa linavuja, na fundi amekadiria 720,000 kwa yote mawili. Mkutano ni Jumamosi. Nianzie wapi?

Mpangaji_Kisauni
Hata mimi mwenye nyumba amenipandishia kodi bila notisi. Naweza kumshtaki?

BintiWaMvita
Ndugu Mpangaji, hilo ni jambo jingine, lifungulie uzi wake. Mweka hazina, nyinyi mna kosa la kisheria. Sheria ya 2020 ya majengo ya sehemu inataka michango ifuate ukubwa wa nyumba. Mwenye chumba kimoja hawezi kulipa sawa na mwenye vyumba vitatu. Hiyo 10,500 kwa kila mtu ni batili.

MenejaMajengo
Dada Binti, hayo ni kweli kwa jengo lenye hati za sehemu na shirika lililosajiliwa. Majengo mengi ya zamani yangali na mikataba mirefu ya ukodishaji chini ya kampuni ya wamiliki, na huko mgawanyo ni ule ulioandikwa kwenye mkataba. Asome wake kabla ya Jumamosi, maana swali hilo litaulizwa.

Sasa mweka hazina, itenge nyongeza mafungu mawili. Kati ya 2,500 anazoongezewa kila mtu, 1,250 ni gharama zilizopanda na 1,250 ni akiba. Ukizichanganya, mtu anadhani askari na stima ndio waliokula zote, na hapo hamtaelewana.

Kwenye stima, onyesha yuniti za mita pamoja na shilingi, mwaka jana na mwaka huu. Yuniti zikiwa zile zile, bei ndiyo iliyopanda. Zikiongezeka, kuna kitu kinakula, na mara nyingi ni boya la tangi limekwama, pampu inasukuma usiku kucha na maji yanamwagika juu ya paa. Angalia hilo kwanza, hasa kwa kuwa paa lenu linavuja.

Lakini niambie: ni nyumba ngapi hazilipi?

MwekaHazina_Nyali
Tano. Zina miezi mingi. Huduma ya lifti tumekuwa tukiiahirisha kwa sababu hiyo.

MenejaMajengo
Basi bajeti yako haisimami. Nyumba 19 mara 10,500 ni 199,500. Gharama za kawaida peke yake, bila akiba, ni 222,000. Unapungukiwa 22,500 kila mwezi na akiba haipati hata senti. Kwenye karatasi miezi 24 inatosha kupata hizo 720,000, lakini wakati huo ukifika utarudi kuwaomba tena, na safari hiyo hakuna atakayekusikiliza.

Liseme hilo wewe kabla hawajaligundua wenyewe. Weka safu tatu: tulichopanga, tulichokusanya, tulichotumia. Deni liwe na mstari wake. Akiba ifunguliwe akaunti ya pekee, yenye watia sahihi watatu, mmoja awe nje ya kamati. Kamba za lifti msizingoje miezi 24: hewa ya bahari inakula chuma, na nyuzi zikianza kukatika fundi ana haki ya kuifunga lifti.

BaharniaWaTudor
Majina ya wadeni yabandikwe getini. Kwetu walilipa ndani ya wiki.

BintiWaMvita
Kuna sheria ya 2019 ya kulinda data za watu, utajitafutia kesi. Taja idadi ya nyumba na jumla ya deni, kisha kila mmoja apewe barua yake ya madai.

BaharniaWaTudor
Barua wanafungia maandazi hizo.

Mama_GhorofaYaChini
Samahani wanangu, mimi naishi chini. Sijawahi kupanda hiyo lifti. Kwa nini nilipie kamba zake?

MenejaMajengo
Mama, paa nalo haliko juu ya kichwa chako, na bado unalichangia kwa sababu ni mali ya wote. Kwa kawaida lifti ni hivyo hivyo. Ila nimeona majengo ambapo wamiliki walikubaliana wa chini wapunguziwe fungu la lifti, wakaliandika kwenye kanuni zao. Hilo linataka kura.

Mama_GhorofaYaChini
Basi lipigiwe kura Jumamosi. Sitanyamaza.

MwekaHazina_Nyali
Asanteni. Kesho asubuhi napanda juu na fundi tuangalie boya, halafu naandika zile safu tatu upya. La lifti kwa wa chini nitaliweka kwenye ajenda, ingawa najua wa juu watapinga.