Mafundi pancha wa Mbeya, Iringa na Njombe, tupeane uzoefu: kiraka kubanduka msimu wa baridi

Kijiwe Uyole: Wakuu, habari za jioni. Nina kijiwe cha kuziba pancha hapa Uyole, chini ya mti. Vifaa vyangu ni pampu, karai, msasa, mkasi, solusheni na tyubu chakavu ya kukatia viraka. Tangu baridi ya Juni ianze, wateja wanarudi. Juzi mzee anayebeba viazi kwa baiskeli alitoka kwangu saa 1 asubuhi, saa 5 karudi anasukuma. Kufungua tairi, kiraka kimenyanyuka ukingoni na solusheni chini yake bado inanata. Nilimzibia tena bure. Wenzangu mnafanyaje?

Mpiga pampu: Futa kwa petroli, paka solusheni, pitisha kiberiti. Inakauka palepale.

Fundi Makambako: Petroli inatoa mafuta, hapo sawa, ila iache ipae kwanza. Moto hapana, solusheni inawaka. Hata isipowaka, juu inafanya ngozi na chini inabaki mbichi.

Kijiwe, kunata kule maana yake ulibandika mapema. Tyubu ikitoka kwenye karai ifute mpaka ikauke kabisa, ndipo upige msasa hadi weusi wa kung'aa uishe. Kiraka cha kukata mwenyewe nacho kipige msasa. Paka nyembamba pande zote mbili, usubiri. Penye jua dakika 5 zinanitosha. Asubuhi za baridi hupita hata 10. Gusa pembeni kwa kidole: ikivuta uzi, bado. Ikipoteza mng'ao, bandika, gongagonga kutoka katikati kwenda ukingoni. Na usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Mpiga pampu: Mkuu, miaka yote natumia kiberiti na wateja wapo.

Dada wa Mafinga: Samahani jamani, mimi si fundi. Kiraka changu kinashika, ila kila wiki pancha mpya, pale pale pembeni ya kiraka. Solusheni mbovu?

Fundi Makambako: Hapana dada. Laza tyubu juu ya tairi, vali ikae ilipokuwa, utaona tundu linaangukia wapi. Hapo pitisha kitambaa ndani ya tairi. Kikinasa, kuna mwiba.

Dada wa Mafinga: Kitambaa hakijanasa. Matundu ni mawili, yamekaa sambamba.

Fundi Makambako: Basi unabeba mzigo na upepo mdogo. Ukikanyaga jiwe, rimu inabana tyubu. Ila yakiwa upande wa rimu, angalia spoku.

Kijiwe Uyole: Mrejesho. Leo asubuhi nilisubiri dakika 12, mteja akanuna kweli. Nikavuta tyubu kwa vidole pembeni ya kiraka, ukingo haukunyanyuka. Mzee wa viazi bado hajapita. Ila foleni ikiwa watu 4, hizo dakika 12 mnazipangaje?