Studio ya Kigoma mjini imempa mama yangu uso wa mgonjwa, na hela wamekula

Mtoto wa Ujiji: Wakuu, nina hasira. Picha ya harusi ya wazazi, Ujiji 1978, ilikaa kwenye albamu sandukuni mpaka ikawa nyekundu yote. Nikaipeleka studio irudishwe rangi. Shela limerudi na rangi ya bahari, na mama, aliyekuwa maji ya kunde, ana uso wa kijanikijani! Nikiuliza najibiwa "picha za zamani ndivyo zilivyo". Niliskani mwenyewe kabla ya kuwapa, nikapima shavu kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha: nyekundu R 188, kijani G 112, buluu B 84. Kwenye kazi yao ni R 118, G 112, B 84. Hii ndiyo kazi ya kulipia?

Kasulu Kwetu: Pole dada. Ni jua hilo, linakula rangi. Picha usianike ukutani.

Mtoto wa Ujiji: Nimesema sandukuni!

Fundi wa Gungu: Jua linapauza kweli, ila sanduku nalo halisalimishi. Kwenye karatasi za miaka ile, joto na unyevu vinaua sayani, ile rangi ya buluu-kijani, hata gizani, na sayani ndiyo inayozuia wekundu. Ya ukutani mara nyingi hupoteza majenta, ile ya waridi-zambarau, kwanza, ikaelekea kijani. Jamaa wamepunguza wekundu 70 kila mahali, wakati umezidi zaidi kwenye sehemu nyeusi za picha. Tupe namba za nywele na shela.

Mtoto wa Ujiji: Nywele R 96, G 38, B 34. Shela R 240, G 230, B 192.

Fundi wa Gungu: Umeona? Kwenye shela wekundu haukuzidi, kilichopungua ni buluu kwa sababu karatasi imekuwa manjano. Fungua Levels, shika kila rangi peke yake. Nyekundu ianzie 96 iishie 240, kijani 38 hadi 230, buluu 34 hadi 192. Matokeo ya kila moja weka 20 hadi 240, shela lisipoteze mikunjo. Shavu litakuja karibu R 160, G 105, B 90. Hapo sasa acha namba, tumia macho: pima shavu pasipong'aa, maana panapong'aa panaonyesha anga. Na skani ya biti 16, marekebisho ya otomatiki yakiwa yamezimwa, la sivyo ukivuta nyekundu utapata chengachenga.

Bwana Mwanga: Yangu ni nyeusi na nyeupe, imekuwa manjano. Nifuate hizo namba?

Fundi wa Gungu: Hapana mzee, hiyo haina rangi ya kusawazisha. Iondoe rangi yote kwanza.

Mtoto wa Ujiji: Nimefanya. Mama amerudi! Lakini shangazi anasema shela lilikuwa la rangi ya krimu.

Fundi wa Gungu: Basi buluu imezidi. Iishie 205 badala ya 192, uone. Hilo skani haiwezi kutuambia, shangazi ndiye anayejua.

Mtoto wa Ujiji: Kesho naenda studio na picha zote mbili. Hela yangu wairudishe.